Mwasho wa Ndevu Changa, na Lini Zipunguzwe

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Tanga, na ahsanteni kwa kujitokeza.

Wembe ukipita, udevu hubaki na ncha kali iliyokatwa mshazari. Ukichomoza milimita moja au mbili, udevu wetu huu wa kujipinda hurudi kuchoma ngozi ileile ulikotoka, na mwingine huzama kabisa. Ngozi huuona kama mwiba, nayo huvimba. Hapo ndipo vipele na mwasho vinapoanzia.

Tumchukue kijana aliyenyoa kwa wembe Ijumaa. Ndevu hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, basi baada ya siku 10 anazo milimita tatu hivi, na usiku halali kwa kujikuna. Anakimbilia kwa kinyozi: "Kaka, nipige zero." Anapata nafuu siku chache, halafu mwasho unarudi palepale, maana ncha zote zimenolewa upya. Angevumilia hadi udevu ukaribie sentimita moja, ungejivuta wenyewe na kutoka ngozini. Kwa hiyo mwezi wa kwanza msinyoe wala msipunguze mashavu na kidevu.

Katika kuvumilia huko, osha ndevu mara moja kwa siku kwa sabuni laini ya uso. Sabuni ya mche iacheni kwenye nguo, inakausha ngozi mno. Ukitoka kuogelea Raskazone, suuza chumvi kwa maji baridi. Ndevu zikiwa bado na unyevunyevu, paka matone matatu ya mafuta, uyafikishe kwenye ngozi yenyewe kwa ncha za vidole. Kisha chukua mswaki laini, safi, uzungushe taratibu ili kuinua ncha zinazotaka kuzama. Iliyokwisha kuzama usiing'oe kwa kibanio: hukatikia ndani, na inayoota tena huzama vilevile.

Mafuta ya nazi tunayo tele na yanafaa, ila si kwa mwenye mba. Huyo utamjua kwa magamba ya manjano yenye mafuta, tena anawashwa hata kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Fangasi wa mba hula mafuta, kwa hiyo ukiyaongeza unamlisha. Aulize duka la dawa shampuu ya ketokonazoli, aiache usoni dakika tano ndipo asuuze, mara mbili kwa wiki. Duara lenye ukingo ulioinuka ni dalili ya choa. Hilo, au usaha wenye maumivu, mpelekee daktari.

Shingo tu ndiyo inayoweza kutangulia, wiki ya pili, kwa mashine na si wembe. Mpaka uwe vidole viwili juu ya kikoromeo. Ukipandisha hadi kwenye taya, kidevu kitaonekana kimekatwa. Wiki ya nne ikiisha, mkasi kwa nywele zilizochomoza peke yake. Mashine ya ndevu nzima ni wiki ya sita, kofia namba 4, ndevu kavu na zimechanwa, kwa kuwa zikiwa mbichi hunyooka na kinyozi hukata kupita kiasi. Na kabla hajaanza, mwombeni afute meno ya mashine kwa spiriti.