Msukumo wa Nozeli: Kwa Nini Hesabu Yenu Hutoka Nusu

Leo naomba tuanze na nozeli ikiwa imefungwa. Kila ninapozungumzia jambo hili watu hutaka nifungue maji kwanza, na hapo ndipo hesabu huharibika.

Chukueni mpira wa zimamoto wenye kipenyo cha milimita 64, umelala barabarani, umejaa maji kwa presha ya baa 5. Maji yanaisukuma nozeli mbele kwa nguvu ya nyutoni 1,608, karibu uzito wa watu wazima wawili. Nyuma, pale mpira unapokata kona kuelekea kwenye gari, maji yanausukuma ukuta wa kona kwa nguvu iyo hiyo, kuelekea nyuma. Mpira wenyewe umevutika kati ya nguvu hizo mbili kama kamba, lakini zinalingana, kwa hiyo aliyeshika nozeli hasikii kitu.

Sasa fungueni mdomo wa milimita 20. Maji yanatoka kwa mwendo wa mita 31.6 kwa sekunde, karibu lita 10 kila sekunde, na aliyeshika anasukumwa nyuma. Kwa nguvu gani? Wanafunzi wangu huandika presha mara eneo la mdomo, mwaka nenda mwaka rudi, wanapata nyutoni 157. Nimeona hata watu wanaofundisha wengine kushika mpira wakiitumia namba hiyo. Ni nusu ya jibu, na atakayeilipa nusu iliyobaki ni kijana aliyesimama mbele ya moto.

Jibu kamili ni rahisi kulipata. Kila sekunde karibu kilo 10 za maji zinapewa mwendo wa mita 31.6. Zidisheni: nyutoni 314, sawa na kubeba kilo 32, ila mzigo huu haukulemei chini, unakusukuma kifuani bila kupumzika.

Hizo 157 za pili zimetoka wapi? Hapa nitakaa, hata mwenyekiti akiangalia saa. Nusu ya kwanza ni tundu lenyewe: pale palipokuwa na kizuizi cha kusukumwa mbele, sasa hapana kitu. Nusu ya pili inatokana na maji kushika kasi. Yanapokaribia mdomo yanakimbia zaidi, na maji yanayoshika kasi presha yake hushuka. Kwa hiyo zile kuta za nozeli zinazobana kuelekea mdomoni hazisukumwi tena mbele kwa baa 5 kamili. Msukumo wa mbele umeshuka kutoka 1,608 hadi 1,325. Kule nyuma kwenye kona umepanda kidogo hadi 1,639, kwa sababu sasa kuna maji yanayogeuzwa njia. Toeni: 314.

Mmeona ajabu yake? Nozeli yenyewe bado inasukumwa mbele na maji. Kiungo kikiachia, nozeli huruka mbele. Anayekurudisha nyuma ni ile kona, kupitia mpira.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, maji hugonga ukuta ndipo yanakurudisha." Basi nenda Uhuru Park urushe maji hewani, pasipo ukuta. Utasukumwa vilevile. Maji yakishatoka mdomoni hayana njia ya kukufikia tena. Ukuta una nguvu yake, na mkono wako una yake.

Ndiyo maana vichochoro vya Gikomba vinanitia wasiwasi. Mpira ukinyooka mita kadhaa nyuma yako, umelala chini, msuguano wa ardhi unakusaidia kubeba sehemu ya zile 314. Kona ikiwa kwenye kisigino chako, hakuna wa kukusaidia isipokuwa mwenzako anayeushika mpira nyuma yako. Ukimwona mshika nozeli anaanza kurudi hatua moja moja, au anaifunga nozeli nusu bila kuambiwa, kazi imemzidi. Mpeni mtu wa pili au mpunguze presha, kabla mpira haujamponyoka. Mpira uliomponyoka mtu huchapa ovyo, na nozeli ya chuma iko kwenye ncha yake.

Na wewe uliye kwenye pampu, ukisikia "ongeza presha", kumbuka: kutoka baa 5 hadi 10 maji yanaongezeka kutoka lita 10 hadi 14 tu kwa sekunde, lakini msukumo unakuwa mara mbili kamili, nyutoni 628. Kama shida ni maji kidogo, mdomo mpana zaidi kwa presha ndogo utawapa maji hayo kwa msukumo mdogo zaidi.

Nilitaka kueleza pia maji ya kutawanya, naona muda haupo. Kwa ufupi: ukipanua koni ya maji, sehemu ya msukumo inakwenda pembeni na kufutana, kwa hiyo mkono unapata nafuu, lakini maji hayafiki mbali. Na fungua nozeli polepole. Maswali?