Kitabu cha Esta na jina lisilotajwa

Ndugu zangu, tufungue Esta sura ya 4. Amri ya kuwaangamiza Wayahudi imeshatoka Shushani, na mstari wa 3 unasema walifunga, wakalia na kuomboleza. Sasa tazameni Yoeli 2:12. Maneno ni hayohayo: kufunga, kulia, kuomboleza. Ila kwa Yoeli anayesema ni Bwana, naye anawaambia watu wamrudie yeye. Mistari miwili mbele nabii anauliza, "Nani ajuaye?", labda Mungu atageuka. Mordekai, jamaa aliyemlea Esta, naye anamuuliza, nani ajuaye kama hukuufikia umalkia kwa ajili ya wakati kama huu? Mwandishi amebakiza lugha yote ya toba, akamwacha yule anayetubiwa. Hata Esta anapoagiza watu wafunge siku tatu, neno "ombeni" halimtoki.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba alisahau. Mistari 167 ya Kiebrania, mfalme anatajwa karibu kila ukurasa, Mungu hata mara moja!

Abrahamu ibn Ezra, mfafanuzi wa Kiyahudi wa karne ya 12, alieleza hivi: Mordekai ndiye aliyeandika, na Waajemi wangenakili habari hii katika kumbukumbu zao na kuweka jina la mungu wao palipo na jina la Mungu. Bora lisiwepo kabisa. Ni hoja ya mtu mwenye akili, lakini inagongana na kitabu cha Ezra, ambako Koreshi mwenyewe, mfalme wa Uajemi, anamtaja Bwana katika tangazo lake. Marabi wa Talmudi walichukua njia nyingine: walimwona Esta katika Kumbukumbu la Torati 31:18, Mungu anaposema atauficha uso wake, kwa kuwa neno la Kiebrania la kuficha hapo linasikika kama jina Esta.

Waliotafsiri kwa Kigiriki hawakuvumilia. Nyongeza zao, ambazo Biblia za Kikatoliki zinazo na za Kiprotestanti kwa kawaida hazina, zina sala ndefu ya Mordekai na nyingine ya Esta. Humo malkia anamwambia Mungu kwamba anachukia kitanda cha mtu asiyetahiriwa na kwamba hakula mezani pa Hamani, yule mkuu aliyepanga Wayahudi waangamizwe. Hapo utajua kilichowasumbua: si jina tu, bali binti wa Kiyahudi kuolewa na mfalme wa mataifa.

Ila walikogusa kidogo ndiko walikobadilisha zaidi, sura ya 6:1. Kiebrania kinasema usiku ule mfalme hakupata usingizi. Kigiriki kinasema Bwana alimwondolea usingizi. Akasomewa kumbukumbu, akakuta Mordekai aliwahi kumwokoa asiuawe na hakulipwa kitu, na wakati huohuo Hamani akaingia uani kuomba Mordekai atundikwe. Katika Kigiriki tunaambiwa ni nani aliyepanga. Katika Kiebrania msomaji anakusanya matukio hayo mwenyewe, na ana ruhusa ya kusema ni bahati.