Kufuta Jina Hakumfichi Mgonjwa

(Mhadhara kwa matabibu na madaktari tarajali, Tanga)

Mabibi na mabwana, walionisikia siku za nyuma wanajua nitakapoanzia: kufuta jina katika muhtasari wa kisa unaoandikwa ili uchapishwe hakumfichi mgonjwa. Leo nitalieleza hilo kwa kisa nilichokiunda mwenyewe, kwa sababu siwezi kusimama katika ukumbi wa mjini Tanga nikasimulia habari za mtu aliyelala katika wodi zetu.

Kijana ameumwa kiuno kwa wiki tatu. Miguu imelegea, ganzi imepanda hadi kinenani, na mkojo umefunga mpaka amewekewa mpira. Anasema hajawahi kukojoa damu. Wengi wenu mngefikiria kifua kikuu cha pingili za mgongo, nanyi mngekuwa na sababu. Lakini picha ya MRI inaonyesha pingili nzima, ilhali ncha ya chini ya uti wenyewe imevimba. Mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, una mayai ya kichocho. Mishipa ya vena isiyo na vali, inayounganisha nyonga na mgongo, ndiyo njia ambayo mayai hupita kufika huko, na uvimbe unaoyazingira ndio unaodhuru neva. Alianzishiwa prednisoloni ili kutuliza uvimbe huo, akapewa prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, na baada ya wiki sita anatembea kwa fimbo.

Sasa soma mwanzo wa muhtasari kama ambavyo huletwa mezani kwangu mara nyingi: “Mvuvi wa miaka 22, mkazi wa kijiji kimoja cha pwani ya Pangani, alilazwa tarehe 3 Machi akiwa amepooza miguu.” Jina halipo. Lakini kijijini kwao ni vijana wangapi wavuvi waliobebwa hadi mjini mwezi huo wakiwa hawawezi kusimama? Jirani atamtambua kabla sentensi haijaisha, kisha atasoma habari za mpira wa mkojo, na mistari michache mbele atasoma majibu ya kipimo cha VVU.

Mtaniambia: basi tubadilishe, tumwite mkulima, tumfanye mwanamke wa miaka 40. Hapana, hata kidogo! Huko ni kughushi. Kesho mtafiti anayekusanya visa vya kichocho cha uti wa mgongo atamhesabu mwanamke ambaye hajawahi kuwepo. Tunachoruhusiwa ni kuacha lisilohitajika na kupanua linalohitajika, na kila jambo tuliulize: je, utambuzi wa ugonjwa unalitegemea? Chukueni uvuvi. Konokono wanaobeba kichocho huishi katika maji baridi, hawaishi baharini, kwa hiyo neno “mvuvi” linamwanika kijana huyu na papo hapo linampotosha msomaji. Kinachobeba utambuzi ni kwamba alizoea kuoga bwawani. Andika hivi:

“Mwanamume mwenye umri wa kati ya miaka 20 na 30, aliyekuwa akioga katika maji baridi kwenye ukanda wenye kichocho, alikuja na udhaifu wa miguu na kufunga mkojo, bila historia ya kukojoa damu. Siku ya 4 tangu alazwe, mayai ya kichocho yalionekana katika mkojo.”

Tarehe zimegeuka kuwa siku za kulazwa, na mtiririko haujapotea. Ongeza sentensi ambayo wengi huiruka: tishu ya uti haikuchukuliwa, na mayai katika mkojo peke yake hayathibitishi chanzo cha kupooza, kwa kuwa katika ukanda huu wapo wenye mayai hayo wanaotembea vizuri. Kwa hiyo muhtasari useme utambuzi ni wa kukisiwa, ukiungwa mkono na picha, na kwa kiasi fulani na nafuu baada ya tiba, kwani prednisoloni hupunguza pia uvimbe wa vyanzo vingine.

Kuhusu ridhaa nitafupisha, muda umekwenda. Aliyoitoa wodini ilikuwa ya kutibiwa. Ya kuchapishwa ni nyingine, nayo huandikwa. Usimwombe akiwa na mpira wa mkojo, akihofia kwamba akikataa hutamhudumia. Ngoja apate nafuu, msomee muhtasari wote kwa Kiswahili, na mweleze kwamba anaweza kujitoa kabla ya kuchapishwa, lakini ukishawekwa mtandaoni hauwezi kurudishwa. Mwambie pia kwamba huenda mtu wa karibu akamtambua hata hivyo. Kumwahidi usiri kamili ni kumdanganya. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Fomu ibaki katika jalada lake, kwa sababu ina jina.

Na picha ya MRI, kabla hamjaituma, itazameni pembeni: jina na namba ya jalada huwa zimeandikwa pale juu.