Asilimia au Saa: Namna ya Kuzipima Video Fupi na Ndefu

Habari za jioni, na asanteni kwa kufika. Swali lililojirudia katika maswali mliyoniandikia ni hili: ukifungua takwimu za YouTube ukakuta video fupi ina `Average percentage viewed` ya 85 na ndefu ina 30, je, ile ndefu imeanguka? Hapana, namba hizo mbili hazitoshi kukwambia hivyo.

Asilimia hiyo hupatikana kwa kuchukua wastani wa muda ambao watu wametazama, ukaugawa kwa urefu wa video. Kwa hiyo urefu wenyewe umo ndani ya hesabu. Aliyetazama sekunde 34 za video ya sekunde 40 amekupa 85. Aliyetazama dakika 6 za video ya dakika 20 amekupa 30 tu, ingawa amekaa nawe zaidi ya mara kumi ya yule wa kwanza. `Watch time` nayo ina mtego wake, kwani ni idadi ya mara ilizotazamwa ikizidishwa kwa wastani wa muda. Video iliyosukumwa kwa watu wengi hulimbikiza saa hata kama kila mmoja ameondoka mapema.

Tufanye hesabu moja pamoja. Somo lilelile limetengenezwa mara mbili, la dakika 20 na la dakika 8, na kila moja picha yake ya jalada imeonyeshwa mara 40,000. La dakika 20 limefunguliwa mara 1,600 na kutazamwa kwa wastani wa dakika 6, yaani asilimia 30. La dakika 8 limefunguliwa mara 2,000, wastani wake ni dakika 4 na sekunde 24, yaani asilimia 55. Anayeangalia asilimia peke yake atatangaza mshindi hapo hapo na kuanza kukata kila video yake.

Sasa zidisheni. Refu limekusanya dakika 9,600, ambazo ni saa 160. Fupi limekusanya dakika 8,800, kama saa 147. Kwa kila mara 1,000 za kuonyeshwa, refu limeleta dakika 240 na fupi 220. Mimi hutumia kipimo hiki cha mwisho ninapolinganisha video za urefu tofauti, kwa sababu kinahesabu mambo mawili kwa pamoja: wangapi walishawishika kufungua, na walikaa kwa muda gani. Hakiko tayari kwenye skrini. Unagawa mwenyewe dakika zote zilizotokana na kuonyeshwa huko kwa idadi ya mara za kuonyeshwa, kisha unazidisha kwa 1,000. Angalizo: watazamaji waliotoka kwenye kiungo cha nje hawakupitia hesabu hiyo ya kuonyeshwa, kwa hiyo watenge kwanza.

Hata hivyo, wastani wa dakika 6 bado unaficha jambo. Fungueni grafu ya watazamaji waliobaki. Tuseme nusu yao wameondoka wakiwa wametazama kama dakika moja. Ili wastani ubaki 6, nusu iliyobaki lazima iwe imetazama dakika 11 kwa wastani. Watu hao wametazama muda unaozidi toleo zima la dakika 8! Ukiwakatia somo, unawanyima kile walichokijia. Kilichoharibika ni dakika ya kwanza: labda utangulizi mrefu, labda kichwa kimeahidi kitu ambacho kinachelewa kuonekana. Rekebisha hapo, uache mwili wa somo kama ulivyo. Lakini grafu ikiteremka taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mporomoko wa ghafla, basi urefu wenyewe ndio unaochosha, na kukata kuna maana.

Ni wapi basi asilimia inafaa? Linganisha video zako za urefu unaokaribiana, dakika 8 kwa dakika 9, na hapo itakuonyesha ipi imesukwa vizuri zaidi. Subiri watazamaji wawe wengi kidogo kabla ya kuamua, maana siku za mwanzo mara nyingi hujaa wafuasi wako, na hao huvumilia zaidi kuliko wageni.

Kwa Shorts, asilimia inaweza kuvuka 100, kwa kuwa video hujirudia yenyewe. Video ya sekunde 15 yenye 120 imetazamwa sekunde 18 kwa wastani, basi. Anza na sehemu inayoonyesha waliobaki kutazama na walioskroli kuipita, ndipo uangalie asilimia. Na kama unahesabu kuelekea zile saa 4,000 za kuanza kupata mgawo wa mapato ya matangazo YouTube, saa zinazotoka kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi humo. Njia ya Shorts ina sharti lake la kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.