Asilimia 5 ya dhamana, asilimia 5 ya hatifungani

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Baraka, msikilizaji wetu aliyeko Marekani ameona dhamana ya serikali ya huko ya wiki 26 kwa asilimia 5, na hatifungani ya serikali inayotoa 5.15. Anauliza achukue ipi.

BARAKA: Asiikimbilie hatifungani. Hizo asilimia hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Dhamana ya muda mfupi haina kuponi, ile riba inayolipwa kwa vipindi: unainunua kwa bei pungufu, ikiiva unalipwa kamili. Sasa Wamarekani ile 5 wanaipiga juu ya fedha utakayolipwa, si uliyotoa mfukoni. Tena mwaka wao hapo una siku 360.

REHEMA: Siku tano zimekwenda wapi?

BARAKA: Desturi ya mabenki hiyo, waulize wenyewe! Tuchukue dhamana ya dola 10,000, siku 182. Asilimia 5 yake ni 500. Zidisha kwa 182, gawa kwa 360: punguzo ni dola 252.78. Unalipa 9,747.22.

REHEMA: Basi nimetoa 9,747.22 nikapata 252.78 juu yake.

BARAKA: Hapo hapo. Ukigawa unapata asilimia 2.593 kwa siku 182. Ipeleke kwenye mwaka wa siku 365, inakuwa 5.20. Hatifungani ya 5.15 imeachwa nyuma.

REHEMA: Kumbe! Kuna njia ya mkato?

BARAKA: Ipo. d ni kiwango cha punguzo kwa desimali, t ni siku zilizobaki:

```
365 * d / (360 - d * t)
```

REHEMA: Na ya wiki 52?

BARAKA: Hapo njia hii inapotosha. Siku 364 kwa 5 ile ile itakupa 5.34. Lakini hatifungani inalipa kuponi kila miezi sita, na ile ya kwanza unaweza kuiwekeza tena. Dhamana haikupi kitu katikati. Kwa hiyo ikizidi nusu mwaka, unatafuta kiwango ambacho kikikuza bei kwa nusu mwaka, kisha kikakuza jumla hiyo kwa siku zilizobaki, unafika kwenye fedha kamili. Hapa bei ni 94.94 kwa kila 100, na jibu ni 5.27.

REHEMA: Kaka, watu wataanza kuzima simu.

BARAKA: Wasizime, Hazina ya Marekani imeshawapigia hesabu hiyo. Kwenye matokeo ya mnada kuna "High Rate", ambacho ni kiwango cha punguzo, na "Investment Rate". Hicho cha pili ndicho cha kuweka kando ya hatifungani.

REHEMA: Na wa Nairobi wageuze pia?

BARAKA: Fomula ile wasiiguse. Benki Kuu ya Kenya inapiga riba juu ya fedha uliyotoa, kwa mwaka wa siku 365. Ukiigeuza tena unajiongezea faida isiyokuwepo. Kwa ya siku 364 tu, wakumbuke hatifungani ingekuwa imeshawalipa kuponi katikati.