Panua kwanza, lainisha baadaye: dumu la njano kwenye ukuta wa chokaa

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana. Naomba muitazame hii picha ukutani. Bibi harusi amekaa kwenye mkeka, nyuma yake ukuta wa chokaa, na pembeni kabisa, kama mgeni asiyealikwa, dumu la njano la lita 20. Hakuna aliyeliona siku ile. Mimi niliyeshika kamera sikuliona, na mama wa bibi harusi aliliona siku albamu ilipofika nyumbani.

Kuliondoa dumu ni rahisi siku hizi. Unalizungushia maski, yaani eneo jeupe linaloonyesha pa kuchora upya, unamwachia Stable Diffusion, modeli ya kuchora picha, ajazie ukuta, basi. Tatizo linakuja pale dumu linapoondoka na kuacha pete: mstari mwembamba wa njano unaofuata umbo lake, mkono wake na kifuniko chake. Mtu asiyejua kuhariri hawezi kukwambia kasoro iko wapi, ila jicho lake litarudi hapo hapo. Leo nataka tuizungumzie hiyo pete tu.

Tuanze na inakotoka. Mnadhani dumu linaishia pale rangi ya njano inapokoma, lakini ukivuta karibu hadi asilimia 400 mtaona halina mwisho mkali. Kuna pikseli mbili tatu ambazo ni nusu dumu, nusu ukuta, kwa sababu lenzi haikati kama wembe. Halafu picha ni JPEG, na JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa uchache kuliko mwanga, kwa hiyo njano inatambaa kidogo nje ya umbo. Ukichora maski kwa uangalifu mkubwa, sawasawa na ukingo unaouona, umeziacha pikseli zote hizo nje. Yaani uangalifu wenyewe ndio unaokuponza.

Na modeli inaziona. Kila kilicho nje ya maski ni ushahidi kwake wa namna picha inavyopaswa kuendelea. Ukiiachia uzi wa njano wenye umbo la dumu, inajiuliza ni kitu gani chenye ukingo wa njano hapa, kisha inakuchorea ndoo. Mimi imenichorea ndoo, imenichorea mto wa kiti, na mara moja ikanichorea dumu jingine zuri kuliko la kwanza.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya mashine. Stable Diffusion haifanyi kazi kwenye pikseli zako moja moja. Huibana picha kwanza mara 8 kila upande, kwa hiyo picha ya 1024 kwa 1024 inakuwa gridi ya 128 kwa 128. Maski nayo inabanwa hivyo hivyo. Kijichumba kimoja cha gridi hiyo kinabeba mraba wa pikseli 8 kwa 8, na kikipitiwa katikati na ukingo wa dumu, kinabeba ukuta na njano kwa pamoja. Hakuna brashi nyembamba itakayokuokoa hapo. Lazima ukingo wa maski usogee mbali na kitu, angalau vijichumba viwili vitatu. Ndiyo maana kwa picha ya ukubwa huo mimi huanza na kupanua pikseli 24.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nalikuta kila mahali, nami nililifanya kwa miezi. Mtu anaona pete, anasema ukingo ni mkali mno, ngoja niulainishe. Anachukua maski ile ile ya kubana na kuitia ukungu. Pete inabaki, tena sasa imekuwa nene na laini. Kwa nini?

Ukungu wa Gauss hautanuki kwenda nje peke yake. Unakula na ndani. Pale palipokuwa ukingo, maski iliyokuwa nyeupe kamili sasa ni 50%. Maana yake, ukigundisha picha mpya juu ya ile ya asili, ukingoni kabisa mwa dumu unapata nusu ukuta mpya na nusu dumu la zamani. Ukiingia ndani kwa sigma moja, yaani kile kipimo cha upana wa ukungu, maski iko kama 84%. Sigma mbili, karibu 98%. Sigma tatu ndipo unaweza kusema dumu limekwisha. Kwa hiyo ukitia ukungu wa sigma 8 bila kupanua, unarudisha dumu kwa kipimo cha pikseli zaidi ya 16 kwenda ndani, likififia taratibu. Hiyo ndiyo pete yako, umeitengeneza kwa mkono wako.

Dawa yake ni hesabu ya mstari mmoja: panua kwanza, tena upanue kwa angalau mara tatu ya sigma utakayotumia. Hapo ukungu unakula ukuta, haulifikii dumu.

Mimi hutumia maski mbili zinazotokana na mchoro mmoja. Ya kwanza ni pana na kali, naipa modeli. Haina haja ya kuwa laini, maana baadhi ya zana huikata tu katikati: kilichozidi nusu kinakuwa cheupe, kilichobaki cheusi, na ulaini wako unapotea. Ya pili ni nyembamba zaidi na laini, naiita maski ya gundi; hiyo ni ya kuunganisha tokeo na picha ya asili. Kwa OpenCV, m ikiwa mchoro wenyewe, inakuwa hivi:

```python
import cv2

def panua(m, r):
    k = cv2.getStructuringElement(
        cv2.MORPH_ELLIPSE, (2*r + 1, 2*r + 1))
    return cv2.dilate(m, k)

maski_modeli = panua(m, 24)
maski_gundi = cv2.GaussianBlur(panua(m, 12), (0, 0), 4)

a = maski_gundi[..., None] / 255.0
tokeo = a * mpya + (1 - a) * asili
```

Tazameni namba zinavyokaa. Dumu linaishia sifuri. Katikati ya mlainisho ni pikseli 12 nje yake. Eneo lililochorwa na modeli linaishia 24. Sigma ni 4, mara tatu yake ni 12, kwa hiyo kwenye ukingo wa dumu gundi bado ni nyeupe karibu kabisa, na kwenye 24 imeshafika sifuri. Mchanganyiko wote unatokea kwenye ukanda ambao pande zote mbili, picha mpya na ya asili, ni ukuta. Ukuta ukichanganywa na ukuta hauonekani.

Wa Photoshop na GIMP, kanuni ni hiyo hiyo: kupanua uteuzi ni hatua ya kwanza, kuulainisha ni ya pili, msizigeuze. Wa ComfyUI, angalieni jambo moja. Kuna nodi ya `GrowMask`, hiyo inapanua kweli. Ipo pia `FeatherMask`, na jina lake linavutia, ila hiyo hulainisha maski kuanzia kingo za fremu ya picha, kushoto, juu, kulia na chini. Haifuati umbo la mlichochora. Mimi nilipoteza jioni nzima nikiongeza namba zake na kushangaa hakuna kinachobadilika, kwa sababu dumu langu lilikuwa mbali na fremu. Kosa langu, sikusoma.

Haya, nikafanya yote hayo. Mstari wa njano ukaisha. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikatazama tena: ukutani kuna kama haya usoni, unjano mdogo kuzunguka pahali palipokuwa na dumu, mpana kama kiganja. Hiyo haikuwa pikseli za ukingo. Ni jua. Jua lilipiga dumu, dumu likarusha rangi yake kwenye chokaa, na chokaa nyeupe hupokea kila kitu. Kupanua kwa pikseli 24 hakuwezi kufika huko. Mng'ao ulikuwa unakwenda zaidi ya 60 upande wa kulia, na upande wa kushoto hakukuwa na kitu.

Njia ya kuuona ni kuongeza ukolezi wa rangi hadi mwisho kwa muda. Picha inakuwa mbaya ya kutisha, lakini njano inajitokeza waziwazi na unaona inaishia wapi. Hapo unachukua brashi na kuuingiza mng'ao wote kwenye mchoro wa kwanza, pamoja na kivuli cha sakafuni. Kivuli kikibaki, modeli itatafuta kitu cha kukimiliki. Baada ya hapo ndipo unapanua na kulainisha kama tulivyosema.

Dada pale nyuma ameuliza kwa nini kwake ukuta mpya huwa na rangi tofauti kidogo hata maski ikiwa sawa. Swali zuri, maana hiyo ni pete ya aina nyingine: kiraka. Picha ikibanwa na kufunguliwa tena hairudi ilivyokuwa kamili, na modeli nayo ina ladha yake ya weupe. Kwenye ukuta mtupu, tofauti ya ngazi mbili tatu kati ya 255 inaonekana. Mimi hutumia ule ukanda wa kati ya pikseli 14 na 24, ambako nina ukuta wa asili na ukuta uliochorwa mahali pale pale. Nachukua wastani wa tofauti zao kwa kila rangi, naitoa kwenye picha mpya yote kabla ya kugundisha. Lakini mng'ao uwe umeshaingizwa kwenye mchoro. La sivyo utaupima ule unjano na kuurudisha mwenyewe. Kwa ukuta laini unaweza pia kuongeza sigma hadi 10 au 12, ukikumbuka kupanua zaidi kwa uwiano ule ule.

Na namba hizi si za msahafu. Ni za picha ya pikseli 1024. Ukihariri faili la kamera lenye upana wa 6000 bila kulikata, 24 ni uzi tu. Ukitumia njia ya kukata eneo na kulikuza, jua kwanza namba unayoandika inahesabiwa kabla ya kukuza au baada.

Ukutani nilimaliza. Kilichonishinda kwa siku mbili ni mkeka, maana kona ya dumu ilikuwa imeukalia. Ulainishaji unasaidia pale pande mbili zinapofanana bila mpangilio. Mkeka una mpangilio. Modeli ilinisukia mkeka mzuri, lakini chane zake hazikuangukia juu ya zile za asili, na ukanda wa mlainisho ukaonyesha chane mbili zimepandana, kama macho ya mtu aliyeamka usingizini. Kupunguza sigma kukaleta mshono mkali. Kuongeza kukaleta ukungu.

Mwishowe nilimwita shangazi yangu, ambaye hushona mikeka, anioneshe ukili unaishia wapi. Akapitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta, kwenye mishono inayounganisha ukili mmoja na mwingine. Nikaiacha duara ya kupanua kwa upande ule, nikachora ukingo wa maski kwa mkono juu ya mshono wenyewe, ukili mmoja mzima zaidi ya dumu, sigma 1. Pale mshononi mkeka hubadilika hata ukiwa haujaguswa, kwa hiyo chane zisipokutana hakuna anayeshangaa. Mama wa bibi harusi alipoletewa picha mpya aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini sijaondoa na ile waya ya umeme pale juu.